Uzi: Insha yangu imerudi na wino mwekundu. Eti samaki wanafurika kutoka hifadhi za bahari, hesabu inakubali?

Mnyalu_wa_Kihesa

Kamwene wakuu. Nipo Iringa mwaka wa pili, nasoma mambo ya mazingira, na niseme ukweli bahari yenyewe nimeiona mara mbili tu maishani na zote nilikuwa napita. Sasa mwalimu katupa swali la insha, "Hifadhi za bahari hujaza samaki kwenye maeneo ya uvuvi yaliyo jirani. Tathmini kwa kukosoa." Nimeandika kurasa nne nikiwa na ujasiri wote, zimerudi na 11 kwa 25 na pembeni wino mwekundu: "Wameongezeka wapi, kwa nani, na umelinganisha na nini?"

Nimechanganyikiwa kwa sababu mfano wangu ulikuwa wa kweli kabisa. Nilitumia Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ilitangazwa 1986 ila ulinzi wa kweli ukaja kushika miaka ya mwanzo ya 90. Aya yangu ilisema hivi: "Baada ya eneo kufungwa, mvuvi wa jirani na hifadhi alianza kupata zaidi ya mara mbili ya kilo alizokuwa akipata kwa siku. Hii inathibitisha kwamba samaki walifurika kutoka hifadhini na wavuvi wakanufaika." Sasa kosa liko wapi hapo? Kilo mara mbili si kilo mara mbili? Nimepewa wiki moja niandike upya, wenye uelewa mnisaidie, matusi wekeni pembeni.

Shamba_Mbarali

Mi nimesoma kichwa cha habari nikajua tunaongelea hifadhi hizi za kwetu. Wanyama kufurika nakuthibitishia wanafurika mkuu, mwaka juzi tembo walivuka usiku wakala mahindi heka mbili na mpunga wakaukanyaga kanyaga, nimezunguka na barua ya fidia mpaka soli imeisha. Samaki wakivuka mpaka watu wanashangilia, tembo akivuka unaambiwa andika barua. Wekeni na hiyo kwenye insha.

Mnyalu_wa_Kihesa

Pole sana mkuu lakini huku ni baharini aisee.

Kipimo

Dogo, takwimu yako ni sahihi, tatizo umekata utafiti nusu. Ule utafiti wa Mombasa ni wa McClanahan na Kaunda-Arara, ulitoka 1996, na ukiendelea kusoma unakuta sentensi ya pili ambayo wengi huwa wanairuka. Kilo kwa kila mvuvi zilipanda kama asilimia 110, sawa. Ila jumla ya samaki wote waliopandishwa pale pwani ilishuka kama asilimia 35. Vyote viwili vimetokea mahali pamoja na kwa wakati mmoja.

Sasa chukua kalamu, usiniamini mimi. Tuseme kabla ya kufunga kuna wavuvi 100 na kila mmoja anarudi na kilo 5, hizo ni namba za mfano tu. Jumla kilo 500. Baada ya kufunga, kila mvuvi anapata kilo 10 na nusu, hiyo ndo ile asilimia 110. Jumla imeshuka asilimia 35, kwa hiyo zipo kilo 325. Gawanya 325 kwa 10.5. Unapata wavuvi 31.

Wale 69 wako wapi? Hilo ndo swali la mwalimu wako pale alipoandika "kwa nani". Hifadhi ilikula zaidi ya nusu ya eneo walilokuwa wanavua, watu wakaondoka, wengine wakahama mwambao na wengine wakaachana na bahari kabisa. Waliobaki kila mmoja akapata nafasi. Kwa hiyo zile kilo mara mbili huwezi kuzipa samaki waliovuka mpaka peke yao, maana hata samaki mmoja asingevuka, idadi ya wavuvi ikipungua kuliko eneo lilivyopungua, kilo za aliyebaki zinapanda tu. Ni sawa na daladala za Uyole, nusu ya madereva wakigoma, aliyeingia barabarani siku hiyo anajaza kila trip. Utasema abiria wameongezeka?

Mnyalu_wa_Kihesa

Daah. Nimepiga hesabu mara mbili, ni 31 kweli. Yani nilichosifia kwenye insha ni theluthi ya watu waliobaki.

Simwamini_Mtu

Sasa mmeanza kuongea. Hizi hifadhi ni danganya toto, wazungu wanataka watu wao wapige mbizi waangalie samaki wa rangi rangi, mvuvi anaambiwa subiri samaki watakufuata nje. Samaki hana akili ya kutoka mahali salama aende kwenye nyavu. Mimi mwenyewe nikikaa mahali napewa chakula na sisumbuliwi sitoki. Insha yako iandike hivyo, hakuna kufurika kokote, upate 25 zako.

Baharia_Uyole

Simwamini punguza mkuu. Mimi nimezaliwa Mafia, saivi nipo Uyole nauza samaki wakavu na wa barafu wakija, lakini nimekulia kwenye ngarawa ya mjomba. Samaki hatoki kwa sababu ya akili, anatoka kwa sababu anatembea. Tafi anakula majani, leo yupo kwenye matumbawe kesho yupo kwenye nyasi za bahari, maji yakijaa anasogea, yakitoka anarudi. Boya la hifadhi yeye hajui kusoma.

Nikupe kitu nilichoona kwa macho. Mjomba alikuwa mtu wa dema, ule mtego wa kusuka wenye mlango unaoingia haraka na kutoka hutoki. Unaweka mwani na konokono wa kuponda ndani, unafunga mawe, unauzamisha, unalala, asubuhi unaupandisha. Sasa kila mtu alikuwa anajua sehemu nzuri ni ile iliyokaribia mstari wa mpaka wa hifadhi. Ukifika pale alfajiri unakuta kamba za dema zimepangana kama magari kwenye mizani ya Makambako. Mjomba alikuwa na dema sita, mawili aliyaweka usawa wa mstari kabisa, mengine nyuma huko kwa sababu nafasi hakuna. Yale mawili unayasikia mzigo ukiwa bado hujayatoa kwenye maji, tafi na changu wa kutosha sufuria mbili. Yale ya nyuma unavuta unakuta vikangaja vitatu na kaa. Bahari ileile, siku ileile, chambo kilekile. Sasa uniambie hakuna kitu kinachotoka kule ndani?

Simwamini_Mtu

Labda pale kwenye mstari ndo palikuwa na matumbawe mazuri toka zamani. Hifadhi huwa wanaweka penye samaki, hawaweki kwenye mchanga. Kwa hiyo karibu na hifadhi lazima samaki wawe wengi, hifadhi iwepo isiwepo.

Kipimo

Hahaha Simwamini, umeanza vibaya ila hapo umepiga penyewe. Dogo mnyalu andika hii, ndo ile "umelinganisha na nini".

Ukikuta samaki wengi karibu na mpaka na wachache mbali, kuna maelezo mawili au zaidi. La kwanza samaki wanatoka ndani. La pili ndo hilo la jamaa, eneo zima lile lilikuwa zuri toka awali, na hifadhi ikawekwa pale kwa sababu ni pazuri. La tatu ni wavuvi wenyewe, wale wenye uzoefu ndo wanaowahi nafasi za mpakani, na yule anayejifunza anasukumwa nyuma, kwa hiyo unapima ufundi wa mtu unadhani unapima samaki. Kuyatenganisha unahitaji vipimo vya kabla hifadhi haijawekwa, tena hapo karibu na pia mbali ambako hapataguswa, halafu vipimo vilevile baadaye. Ukiwa na "baada" peke yake unabaki kubishana kama hivi.

Ndo maana Mombasa nayoipenda mimi sio ile ya 1996, ni ya 2000, McClanahan na Mangi. Hawa hawakutegemea mvuvi kaleta nini, walitega dema zao wenyewe zilezile, chambo kilekile, kwa umbali tofauti kutoka kwenye mpaka, pande zote mbili, kusini na kaskazini. Hapo ufundi wa mtu umeuondoa. Wakakuta samaki wanapungua kadiri unavyoondoka mpakani, na waliokuwa wanatoka zaidi ni hao hao wa mjomba wake Baharia, tafi, changu na kangaja. Yani samaki wa katikati, hawatulii sehemu moja na pia sio wasafiri kama jodari.

Na pande mbili hazikufanana. Upande wa kaskazini kulikuwa na majuya ya kukokota ufukweni, kusini dema zaidi. Kaskazini samaki walikatika haraka sana ukitoka mpakani, kusini walipungua taratibu.

Mama_Tafi

Samahani naingilia, hao changu wa Mombasa bei gani kwa kilo wakifika Makambako? Kuna mtu kaniahidi mzigo.

Baharia_Uyole

Mama njoo inbox, huku tunasaidia mwanafunzi 😂

MwanaMatema

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi wa Kyela, kule Matema ziwani, na nadhani nyie mnazunguka sana wakati jibu lipo hapa kwetu. Mwaka 2024 si walifunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi zote nne? Walivyofungua watu walisema migebuka imerudi. Hiyo ndo kufurika yenyewe. Funga, subiri, fungua, samaki tele. Hata pweza huko Mafia na Songosongo wanafunga miamba miezi kadhaa wakifungua pweza wanakuwa wakubwa. Kwa hiyo dogo andika kwamba inafanya kazi, ushahidi upo.

Kipimo

Mwana Matema, kufunga kunasaidia hilo sikatai, ila hayo ni mambo mawili. Pweza wa pale mwambani anakua haraka ajabu, ukimwacha miezi mitatu uzito unapaa, ukifungua unavuna palepale ulipofunga. Hakuna aliyevuka mpaka. Umeweka tu akiba kwenye kibubu ukakivunja. Kufurika ni kwamba kibubu hakivunjwi daima, wewe unaokota zinazodondoka nje. Mwalimu ameuliza la pili. Dogo akiingiza la pweza anakatwa tena.

Ila umenikumbusha mfano mzuri wa ziwa lenu. Upande wa Malawi kuna hifadhi ya taifa pale Cape Maclear, toka 1980, inalinda visiwa na mita 100 za maji kuzunguka. Inalinda mbuna, hao vidogo vya rangi rangi vya kwenye mawe. Mbuna ni samaki wa ajabu, jiwe lake ndo kijiji chake, ukimpelekea mchanga katikati havuki. Kwa kuwalinda wasipotee hifadhi ile ina maana kubwa. Lakini ukisubiri mbuna wafurike waende kwa mvuvi utasubiri sana. Na yule mbasa wenu mnayemla Kyela ni kinyume chake, anasafiri kutoka ziwani anapanda mtoni kutaga, sasa mita 100 za maji kuzunguka kisiwa zitamfanyia nini? Yeye ukimlinda mlinde mdomoni mwa mto.

MwanaMatema

Hapo kwenye mbasa umesema kweli tupu. Mtu anatega nyavu mlangoni mwa mto usiku kwa usiku, halafu mwaka unaofuata anasema mbasa wameadimika, tumerogwa.

Mnyalu_wa_Kihesa

Nimeelewa, kwa hiyo inategemea samaki anatembea kiasi gani. Basi si jibu rahisi, hifadhi iwe kubwa sana ili ndani wajae, wakijaa watatoka. Kubwa ndo bora.

Kipimo

Hapo ndo penye utamu, tulia nikupigie.

Chukua tafi ambaye mizunguko yake ya kawaida, tuseme, ni mita 300. Hifadhi ya kwanza mraba wa kilomita 1 kwa 1. Toa mita 300 kila upande, katikati unabaki na mita 400 kwa 400. Hiyo ni asilimia 16 ya eneo. Kwa hiyo asilimia 84 ya samaki wako wanaishi mahali ambapo kwenye matembezi yao ya kawaida wanaweza kugusa mpaka. Wanatoka sana, ni kweli, ila wanatoka mpaka ndani hapajai, ndoo imetoboka kila upande.

Hifadhi ya pili kilomita 10 kwa 10. Toa mita 300 zilezile. Unabaki na 9.4 kwa 9.4, ambayo ni kama asilimia 88. Sasa ndani panajaa kwelikweli, samaki wanazeeka, wananenepa. Lakini wanaoweza kumfikia mvuvi ni wale wa ukanda wa pembeni tu, asilimia 12. Na wewe umeshamnyima mvuvi kilomita za mraba 100.

Kwa hiyo hifadhi inayolinda vizuri inamwaga kidogo kwa kila kilomita uliyofunga, na inayomwaga sana inalinda kidogo. Kitini kikiahidi vyote viwili, kwamba hifadhi italinda kila kitu na kulisha kila mtu, hapo ndo unaweka kalamu ya kukosoa.

Baharia_Uyole

Kipimo hesabu nzuri ila mraba wako upo kwenye karatasi. Upande mmoja wa hifadhi nyingi ni ufukwe, samaki hatafurikia kwenye minazi. Upande wa nje ni mkondo, maji marefu, tafi haendi huko. Unabaki na pande mbili. Na hizo mbili ukikuta kuna mchanga mtupu wa mita mia kadhaa nao ni ukuta. Nyasi za bahari zikiwa zimeunganika ndo wanapita. Mjomba alikuwa anafuata "njia", sio mstari mzima, kuna sehemu mbili tatu tu kwenye ule mstari ambazo dema zinajaa, na zote ni penye nyasi zilizoshikana na mwamba. Mtu mgeni anaweka dema popote kwenye mstari anashangaa hapati kitu.

Kipimo

Nimekubali, nimepigwa. Na ndo walichokiona hata Malindi na Watamu walipofunga alama kwenye samaki na kuwasubiri nje, kazi ya Kaunda-Arara na Rose 2004. Walifunga alama aina nyingi, waliokuwa wanaonekana nje mara kwa mara ni aina chache tu, tafi akiwemo, na umbo la mwamba lilikuwa na usemi mkubwa. Samaki wengi wa matumbawe walikuwa wanakaa walikofungiwa alama.

Simwamini_Mtu

Naona mmerudi kwangu taratibu. Wavuvi wameondolewa theluthi mbili, jumla imeshuka, samaki wanaotoka ni aina tatu, kwenye matundu mawili ya nyasi. Hebu mtu mmoja anionyeshe mahali hifadhi imeondolewa na mvuvi akaumia. Maana kama inamsaidia, ukiitoa aumie.

Kipimo

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi, na nina hakika hukutegemea jibu lipo.

Sumilon, Ufilipino, kakisiwa kadogo. 1974 wakafunga kama robo ya mwamba wake, wavuvi wakabaki na robo tatu. Miaka kumi ikaenda vizuri. 1984 siasa za pale zikabadilika, ulinzi ukavunjika, watu wakaingia sehemu yote. Sasa kwa akili ya kawaida eneo la kuvua limeongezeka, samaki wa jumla wangepaswa kupanda. Alcala na Russ walipima wakatoa majibu 1990, mavuno ya kisiwa kizima yalishuka zaidi ya nusu, kama asilimia 54. Wamevua eneo lote wakapata pungufu ya walipokuwa wanavua robo tatu.

Kwa hiyo ile robo ilikuwa inalisha robo tatu. Hapo jumla yenyewe ndo imepimwa, sio kilo za mtu mmoja, na ndo maana ina uzito kuliko ile ya kwanza ya Mombasa.

Simwamini_Mtu

Na walipoingia 1984 walitumia nyavu zilezile?

Kipimo

...Hapana. Hapo umenibana. Ziliingia na njia za kuharibu, zikiwemo za kutwanga matumbawe ili kuwasukuma samaki kwenye wavu. Kwa hiyo sehemu ya ile asilimia 54 inawezekana ni mwamba kuharibiwa, sio kufurika kukoma. Kiasi gani ni kipi, huwezi kukitenganisha kwa kisiwa kimoja. Mimi naamini kufurika kulikuwepo, ila naamini, sijathibitisha.

Simwamini_Mtu

Nitachukua hiyo 🙏

Mnyalu_wa_Kihesa

Wakuu sasa nimekwama kwingine. Kipimo umesema samaki wakipungua taratibu kutoka mpakani ni dalili wanatoka. Kwa hiyo nikikuta mahali hawapungui, yani namba ni ileile karibu na mbali, niandike hakuna kufurika?

Kipimo

Usiandike hivyo. Fikiria dema za mjomba zilivyopangana pale. Kama kila samaki anayevuka anadakwa kwenye mita 50 za kwanza, nje ya hapo utakuta pamekauka sawasawa mpaka mwisho. Ukipima kuanzia mita 200 kwenda mbele utaona mstari ulionyooka, utasema hakuna kinachotoka, kumbe kinatoka kingi na kinaliwa mlangoni. Kaskazini ya Mombasa na majuya yao ni mlemle kwenye mwelekeo huo. Na kinyume chake, mteremko mzuri wa taratibu unaweza kukuta ni makazi yanabadilika tu, nyasi zinapungua.

Kwa hiyo mteremko peke yake hausemi, lazima ujue nani anavua wapi na kwa chombo gani. Wataalamu wengi wa kukaa ofisini wanapima samaki wanasahau kuhesabu kamba za dema.

Baharia_Uyole

Na hapo kuna ugomvi ambao vitabu havina. Yule mwenye nafasi mpakani anakula, wa nyuma yake anasubiri mabaki. Mjomba alikuwa na yale mawili kwa sababu babu yake alikuwa pale. Kijana aliyeanza jana hana nafasi. Hata samaki wakifurika wanafurikia kwa watu walewale kumi. Nyie mnapiga wastani wa kilo kwa mvuvi, wastani haugombani na mtu alfajiri.

Shamba_Mbarali

Hapo nimekuelewa kuliko wote. Kwetu mto ukija maji anakunywa wa juu, wa chini anaambiwa asubiri zamu, na zamu haifiki.

Mnyalu_wa_Kihesa

Nimekaa usiku huu na baridi hii ya Iringa nimeandika upya ile aya. Naweka hapa mnipige:

"Mombasa, baada ya hifadhi, kila mvuvi aliyebaki alipata zaidi ya mara mbili ya kilo zake za awali, lakini jumla ya samaki waliopandishwa ilishuka kwa takribani asilimia 35. Namba hizi mbili zinakubaliana tu ikiwa wavuvi walibaki karibu theluthi moja. Kwa hiyo ongezeko la kilo kwa mtu haliwezi kuchukuliwa lote kama samaki waliofurika. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa mitego iliyotegwa kwa umbali tofauti, ambayo ilionyesha tafi, changu na kangaja wakipungua kadiri mtu anavyoondoka mpakani. Kufurika kupo, ila ni kwa samaki wachache na kwa umbali mfupi, na ndani ya muda ule hakukutosha kufidia eneo lililofungwa."

Kipimo

"Ndani ya muda ule" imenifurahisha, acha hapo hapo. Ile ya 1996 ilipima miaka michache tu ya mwanzo, samaki wakubwa wanachukua muda mrefu kujaa. Na ongeza nusu mstari kwamba mayai na vifaranga havimo kwenye hesabu hii. Chewa jike mkubwa wa ndani anaweza kutaga mayai mengi sana, yanachukuliwa na maji mpaka mbali ambako dema haliwezi kuyapima. Inawezekana faida kubwa ipo huko, inawezekana haipo, ila mwalimu kauliza maeneo ya jirani kwa hiyo usizame.

Pia "theluthi moja" sema ni hesabu yako uliyoitoa kwenye zile namba mbili, usiiweke kama umeinukuu.

Simwamini_Mtu

Mi ningefuta "kufurika kupo".

Baharia_Uyole

Mi ningefuta "wachache". Wachache kwa nani? Tafi na changu ndo vitoweo vya watu pale, wengine wa rangi rangi hata wakivuka hakuna anayewataka sokoni. Ukiandika "aina chache" sawa, lakini "samaki wachache" mjomba angekucheka.

Mnyalu_wa_Kihesa

Baharia hiyo ni kweli, nabadilisha kuwa aina chache. Simwamini yako siiweki, nimejaribu ila zile dema za umbali tofauti siwezi kuzipita, labda uniletee maelezo mengine ya kwa nini tafi tu na changu ndo wana mteremko na wale wa kukaa mwambani hawana. Kama ni matumbawe mazuri yangewavuta wote.

Simwamini_Mtu

Nitarudi na hilo. Sijashindwa.

Kipimo

Dogo hiyo ya mwisho uliyomjibu jamaa, iingize kwenye insha kama ilivyo. Sikuwa nimeifikiria kwa namna hiyo. Ila angalia na yeye anaweza kurudi na kusema nyasi ndo zinapungua kuelekea mbali, na tafi na changu ndo wala nyasi na wa kwenye nyasi. Utamjibu nini?

Mnyalu_wa_Kihesa

Aaah mkuu. Nilitaka kulala.

Mama_Tafi

Baharia nimekuandikia inbox toka saa mbili hujajibu. Ni tafi au changu, na wamekaa kwenye barafu siku ngapi?